Barua ya wazi kwa wanaosimamia anwani za makazi Zanzibar: namba ya nyumba ituambie umbali

Waheshimiwa wa wizarani, wa mabaraza ya miji na halmashauri, na nyinyi masheha wetu wa Unguja na Pemba,

Assalaam aleykum.

Mimi ni dereva wa bajaji hapa Chake Chake. Kabla ya kuingia kwenye bajaji nilifanya kibarua kwa wapima ardhi. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya tepu, kupigilia vigingi na kuandika vipimo daftarini. Kwa hiyo namba za nyumba nimezijua kwa pande mbili, upande wa anayepima na upande wa anayetafuta mlango usiku huku mvua inanyesha. Ninaloliandika leo limetokana na usiku mmoja wa namna hiyo.

Ilikuwa masika, yapata saa nane za usiku. Simu ikalia. Bwana mmoja ambaye sikuwahi kumchukua akaniambia mkewe ameshikwa na uchungu, niende upesi nikawapeleke hospitali. Nikamuuliza yuko wapi. Akanitajia njia ya kifusi inayotoka barabara kuu na kuteremka mpaka pwani, kisha akasema, "Nyumba namba 58. Kibao kipo getini." Nikamshukuru Mungu kwamba mteja ana kibao, nikawasha bajaji.

Njia ile ina urefu wa kilomita moja na kitu. Nilipoingia niliona namba 1 kushoto na namba 2 kulia, nikajua kwamba upande wa kushoto ni witiri na upande wa kulia ni shufwa, kama inavyotakiwa. Namba 58 ni shufwa, basi nikawa naangalia kulia tu. Nikapita 10, nikapita 14, nikapita bonde la mpunga, nikafika 40, 44, 46. Baada ya 46 hakuna nyumba tena, ni minazi na mikoko. Nikampigia yule bwana, akaniambia, "Mbona nilikuona ukipita zamani!" Kumbe nyumba yake iko kushoto, baina ya namba 13 na namba 15, karibu na mwanzo wa njia. Niliipita katika dakika ya kwanza. Nilipogeuza na kurudi, nikakwama kidogo bondeni kwenye tope, nikafika mtoto ameshazaliwa sebuleni mikononi mwa bibi yake. Alhamdulillahi wote wawili walikuwa wazima. Lakini mimi sikulala tena usiku ule.

Asubuhi nilirudi kutazama kibao. Ni kibao kizuri, kimeandikwa kwa usafi, na namba yake haikukosewa na mwandishi. Kilichokosewa ni kanuni iliyoizaa namba ile. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi na wala simlaumu fundi aliyekipigilia.

Vibao hivi viliwekwa kwa wingi mwaka 2022, tulipokuwa tunaelekea sensa ya tarehe 23 Agosti. Katika njia ile nyumba zilihesabiwa kwa zamu: ya kwanza kushoto ikapewa 1, ya kwanza kulia ikapewa 2, ya pili kushoto 3, ya pili kulia 4, hivyo hivyo mpaka 45 na 46. Siku ile ya kuhesabu, kila kitu kilikuwa sawasawa. Lakini watu hawakuacha kujenga. Viwanja vilivyokuwa vitupu baina ya nyumba na nyumba vikapata wenyewe, na kila nyumba mpya ikahitaji namba. Namba baina ya 13 na 15 upande wa kushoto haipo, kwa sababu 14 ni ya upande wa pili. Basi ikachukuliwa namba inayofuata mwisho wa orodha: 47, 48, 49, na kuendelea. Aliyejenga wa kumi na mbili akapata 58. Namba yake inaeleza kwamba yeye alikuja wa kumi na mbili baada ya kuhesabiwa. Haielezi yuko wapi, wala yuko upande gani.

Kwengine nimeona wametumia herufi, wakaandika 13A, 13B, 13C. Hiyo ni afadhali, maana angalau inakufikisha jirani. Lakini mtu akikutajia anwani kwa simu, herufi ndiyo ya kwanza kuanguka. Anasema "kumi na tatu" tu, na wewe unagonga kwa watu wasiokuita. Na ikijengwa nyumba baina ya 13A na 13B, tumerudi pale pale.

Naomba nieleze namna nyingine, ambayo haina tatizo hili, na ambayo si mpya duniani. Huko Australia na New Zealand, katika njia za mashamba, nyumba haihesabiwi kuwa ya ngapi. Inapimwa iko umbali gani kutoka mwanzo wa njia, na umbali huo ndio unaozaa namba. Wao hupima mita, wakagawa kwa kumi, kisha wakaisogeza namba iwe witiri kwa nyumba za kushoto na shufwa kwa nyumba za kulia. Mtu akikuambia anakaa namba 1530, unajua papo hapo kwamba ni kilomita 15.3 kutoka mwanzo wa njia, mkono wa kulia. Katika vijiji vingi vya Ufaransa wanatumia mita zenyewe bila kugawa: geti lililo mita 263 kutoka mwanzo ni namba 263.

Kwa njia zetu fupi za Pemba na za nje ya mji wa Unguja, naona hiyo ya mita moja kwa namba moja ndiyo inayotufaa. Nyumba zetu zimekaribiana kuliko mashamba ya ng'ombe ya New Zealand. Ukigawa kwa kumi, kila upande unapata namba moja tu katika kila mita 20, na sisi katika mita 20 tunaweza kuwa na nyumba, duka na geti la jirani. Ukitumia mita yenyewe, kila upande una namba moja kwa kila mita mbili. Hakuna atakayejenga nyumba ya upana wa mita mbili akakosa namba.

Sikutaka kuandika maneno matupu, nikaamua kuipima njia ile mwenyewe. Sina gurudumu la kupimia kama lile la wapima ardhi, lakini nina baiskeli ya marehemu baba, ya tairi kubwa la inchi 28. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye njiti moja ya gurudumu la mbele. Kwanza nikaisukuma barazani, kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka, kitambaa kikazunguka mara kumi, nikapima kwa tepu. Ikatoka mita 21.90. Maana yake kila mzunguko mmoja ni mita 2.19. Kisha nikaenda mpaka makutano ya njia ile na barabara kuu, nikasimama ukingoni mwa lami, nikaanza kusukuma na kuhesabu mizunguko, mtoto wa dada yangu akiandika.

Duka la kwanza kushoto lilikuwa mzunguko wa 29. Zidisha kwa 2.19 unapata karibu mita 64, ambayo ni shufwa, na kwa kuwa ni upande wa kushoto inapanda iwe witiri, 65. Geti la chuo cha Qur'ani, upande wa kulia, mzunguko wa 54, ni mita 118, shufwa tayari, basi 118. Nyumba ambayo leo ni namba 13 ni mzunguko wa 110, yaani mita 241. Ile inayoitwa 15 ni mzunguko wa 132, mita 289. Mnaona wenyewe kilichopo baina ya 241 na 289: nafasi ya mita 48, na ndani yake zimo namba 23 za witiri ambazo hazijapewa mtu, zinamsubiri yeyote atakayejenga. Geti likitoka kwenye mita 251, namba yake ni 251. Likitoka kwenye 277, ni 277. Hakuna kikao cha kuitafuta namba, maana imo mle mle ardhini.

Kuna kanuni moja ndogo inayopaswa kuandikwa na kufuatwa na wote, vyenginevyo kila mpimaji atafanya lake. Kipimo kikiangukia upande usiolingana, kwa mfano geti la kulia likatoka mita 655 ambayo ni witiri, basi siku zote namba ipande moja, iwe 656. Isishuke hata mara moja. Kwa mtafutaji, mita moja si kitu. Kwa mwandishi wa daftari, kupanda leo na kushuka kesho ndiko kunakozaa nyumba mbili zenye namba moja.

Na kinachopimwa ni pale unapoiacha njia na kuingia kwa mwenyewe: geti, au kijia cha kuingilia ikiwa hakuna geti. Nyumba yenyewe inaweza kuwa ndani, nyuma ya mikarafuu, mita 40 kutoka njiani. Mtafutaji haitafuti nyumba kwanza, anatafuta pa kukata kona. Kwa hiyo na kibao kikae hapo, juu ya nguzo, sio kwenye ukuta wa nyuma ya veranda kama nilivyoona mahali kadhaa, ambako taa ya bajaji haifiki.

Upimaji wenyewe unafuata njia inavyokwenda, kona kwa kona. Usikate bondeni kwa sababu tepu inaweza kupita, kwani gari haitapita. Na msishtuke mkipima mara mbili mkapata tofauti. Mimi kwenda nilipata mizunguko 639 mpaka mwisho wa njia, sawa na mita 1,399. Kurudi nikapata 642, mita 1,406. Gurudumu likipanda na kushuka mawe, au msukumaji akipepesuka kushoto na kulia kukwepa madimbwi, kipimo kinarefuka. Tofauti ya mita saba katika kilomita moja na mita 400 haimpotezi mtu. Tofauti ikiwa mita 50, hapo mmekosea hesabu mahali, rudini. Na kipimo kikishaingia daftarini na kibao kikapigiliwa, kiachwe hivyo. Asije mwengine mwaka ujao na chombo bora zaidi akabadilisha 263 kuwa 262.

Sasa tumwangalie anayetafuta, maana yeye ndiye mwenye namba. Namba za leo, hata zikiwa hazijavurugika, zinakuambia idadi ya milango tu. Ukiwa kwenye 11 unatafuta 47 upande ule ule, ukitoa unapata 36, ukigawa kwa mbili unapata 18. Milango 18 mbele. Ni kilomita? Ni hatua mia? Hujui. Zaidi ya hayo, pande mbili haziendi pamoja. Upande mmoja ukiwa na skuli na kiwanja chake cha mpira, upande wa pili ukajaa nyumba, utakuta namba 20 inatazamana na 51. Mgeni akiangalia upande mmoja anadhani bado yuko mbali, akiangalia upande wa pili anadhani ameshapita.

Namba za umbali zinaondoa yote mawili. Mwenye 263 jirani yake wa mbele ni 264 au karibu na hapo, leo na daima. Na ukitoa namba kwa namba unapata mita. Chukueni mfano mimi nimesimama kwenye chuo, namba 118, natafuta 655. Toa, ni mita 537. Kwa bajaji ni nusu kilomita na kidogo, naangalia kilomita kwenye dashibodi, tarakimu ya mwisho ikibadilika mara tano naanza kupunguza mwendo na kutazama kushoto. Kwa miguu, hatua ya mtu mzima ni kama robo tatu ya mita, basi ni hatua mia saba na kitu, mwendo wa dakika saba hivi. Mzee anayetoka hospitali anaweza kuamua mwenyewe kama atembee au apande.

Namba inaruka, na hilo naomba lielezwe kwa wananchi mapema ili wasilione kuwa ni kosa. Katika njia ile, nyumba ya mwisho kabla ya bonde ni 405, na ya kwanza baada ya bonde ni 655. Mtu aliyezoea kuhesabu 1, 3, 5 atasema vibao zaidi ya mia vimeibiwa. Havikuibiwa. Mruko ule ni bonde la mpunga lenyewe. Dereva anayejua kanuni akiona 405 halafu giza na vyura, hageuzi. Anajua ana robo kilomita ya kwenda bila nyumba. Mimi usiku ule ningelijua hilo.

Jambo la pili la kuwafundisha watu ni upande. Kushoto ni witiri kwa anayekwenda namba zikiongezeka. Ukiingia njia kwa upande wa pwani, namba zinapungua na mikono inageuka: witiri inakuwa mkono wako wa kulia. Haitoshi kuambiwa "kushoto". Soma vibao viwili vya kwanza unavyokutana navyo upande mmoja, ujue namba zinapanda au zinashuka, hapo ndipo utajua nyumba yako iko mkono gani. Na nguzo ya jina la njia ikiandikwa chini yake namba za mwanzo na mwisho pamoja na mshale, kwa mfano 1 mpaka 1400, hata hilo la kusoma viwili halihitajiki.

Nakuja kwenye mwanzo wa njia, sifuri yetu. Hapa ndipo kazi yote inapoweza kuharibika, na naomba msiliachie kila shehia ijiamulie. Mjini Paris, mwaka 1805, walipoamua witiri ikae kushoto na shufwa kulia, waliamua pia kwamba njia zinazoukabili mto Seine zianzie mtoni, na zile zinazokwenda sambamba na mto zifuate maji yanavyotiririka. Mto hauhamishwi, na kila mtu wa mji anajua ulipo. Sisi hatuna mto wa namna hiyo, lakini tuna barabara kuu. Iwe kanuni kwamba kila njia inaanza pale inapotoka kwenye barabara iliyo kubwa kuliko yenyewe. Kama ncha zote mbili zinatoka kwenye barabara kubwa, ianze ile iliyo karibu na mji. Isianzie kwenye mwembe, kwani mwembe hukatwa, wala dukani kwa mtu, kwani duka hufungwa.

Sababu ya pili ya kuanzia barabara kuu ni kwamba njia zetu hurefuka kwa ncha ya ndani. Leo inaishia mikokoni kwenye mita 1,400, kesho watu wanafyeka na kuisogeza mpaka 1,600. Namba zinaendelea tu, hakuna anayebadilishiwa. Lakini ukiweka sifuri pwani, siku njia itakaposogezwa upande huo, nyumba mpya zote zitakuwa chini ya sifuri, na hizo hazina namba.

Vijia vya pembeni navyo vina utaratibu wake. Kijia chenye nyumba moja au mbili kisipewe jina. Nyumba hizo zichukue namba ya pale kijia kinapoiacha njia, na hapo herufi A na B zina kazi ya halali, kwa sababu ni kweli mnaingilia mlango mmoja. Nyumba zikifika tatu, kijia kipewe jina lake na sifuri yake. Msifanye kama nilivyoona mahali, namba zinaingia kichochoroni, zinazunguka, zinatoka upande mwengine na kuendelea kana kwamba hakijatokea kitu.

Kwa barabara kuu zenyewe, kama ya Chake Chake kwenda Wete, mita haifai. Ni zaidi ya kilomita 20, na namba ya tarakimu tano hakuna atakayeishika kichwani. Huko tumieni ya kugawa kwa kumi, na vipande vinavyopita ndani ya miji vipewe majina yao ya mitaa na sifuri zao. Ila nguzo iseme wazi kwamba hapa namba moja ni mita kumi, vyenginevyo mtu atakayetoka kwenye njia yetu ataisoma 800 akadhani amefika, kumbe ni kilomita nane.

Siwaombi mkaiguse Mji Mkongwe. Kule milango imebanana ukuta kwa ukuta, hakuna kiwanja cha kujengwa baina ya nyumba na nyumba, na hesabu ya moja, tatu, tano haitavurugika kwa kuongezeka watu. Wala majumba ya Michenzani, ambako mtu hutaja jumba, ngazi na mlango, na umbali wa njiani haumsaidii anayepanda ghorofa. Ninaowaombea ni sisi wa njia zinazojaa: za Pemba, na zile za Unguja ambako ulikuwa unaona mihogo juzi na leo unaona mabati.

Najua wapo watakaosema siku hizi kuna ramani kwenye simu, mtu atume alama ya alipo, kuna haja gani ya kibao. Mimi nazitumia kila siku, na nasema hazitoshi. Yule bwana simu yake ilikuwa kiswaswadu, haina ramani. Wengine wanatuma alama wakiwa bado dukani, na mimi naenda dukani. Chini ya minazi na mikarafuu iliyofungana, alama inaweza kuhama mita kadhaa ikakuweka kwa jirani wa nyuma, ambaye njia yake ni nyengine kabisa. Na postikodi, inayoanza na 7 kwetu sote Zanzibar, inaifikisha barua kwenye shehia. Kutoka hapo mpaka mlangoni kinachobaki ni jina la njia na namba. Namba inaweza kutamkwa na mama mwenye uchungu, kwa simu yoyote, ikasikika na ikatosha.

Gharama naijua kuwa ipo. Vibao vilivyopo vilinunuliwa na watu wamevizoea, na wengine wameandika namba hizo kwenye karatasi za benki na za umeme. Kwa hiyo siombi kila kitu king'olewe mwezi ujao. Naomba tuanze na njia ambazo nyumba mpya zimeshazidi uwezo wa hesabu ya zamani. Namna ya kuzitambua ni rahisi: sheha atembee njia yake mara moja, na kila anapokuta namba iliyo upande usiokuwa wake, au inayoruka nyuma, aitie alama. Njia yenye alama tatu imeshaharibika na itaendelea kuharibika. Ile isiyo na hata moja iacheni. Kwenye njia zitakazobadilishwa, namba ya zamani ibaki chini ya mpya kwa maandishi madogo mwaka mzima, na daftari la sheha liwe na safu mbili, ya zamani na ya mpya, ili barua ya zamani isipotee.

Halafu namba itolewe kabla ya msingi kuchimbwa. Anayekwenda kuomba kibali cha kujenga aulizwe geti lake litakuwa wapi, sheha au msaidizi wake asukume gurudumu mpaka hapo, na namba iandikwe kwenye kibali chenyewe. Gari la mchanga nalo linahitaji kujua linakokwenda, tena kabla ya mtu mwengine yeyote.

Daftari langu la njia ile lina mageti yote 58, kwenda na kurudi, na nitamkabidhi yeyote atakayetumwa na ofisi zenu. Akitaka kuhakiki kwa gurudumu la kweli, nitakwenda naye, Ijumaa baada ya sala au siku yoyote asubuhi. Ile nyumba ya yule bwana nimeipima mara tatu kwa mkono wangu. Kitambaa kinazunguka mara 120 kutoka ukingo wa lami. Ni mita 263, mkono wa kushoto.

Wenu katika ujenzi wa visiwa vyetu,
Dereva wa bajaji, Chake Chake, Pemba